Igizo la Kununua Dagaa kwa Kifaransa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walimu

Igizo hili ni la darasa la Kifaransa la wanaoanza, wale waliokwisha kujifunza salamu na kuhesabu hadi mia. Limewekwa kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Mama anauza dagaa, mgeni ananunua. Mistari ni 12 tu, kila mmoja una tafsiri yake, na penye mtego pana neno kwa mwalimu. Majibu yanayofuata yanahusu namna ya kulifundisha na mahali wanafunzi wanapokwama.

Kwa nini mnunuzi anatoka Kananga na si Kalemie?

Kwa sababu mtu wa Kalemie, Uvira au Baraka anajua Kiswahili. Ukimweka huyo kwenye igizo, mwanafunzi atajiuliza kwa haki kabisa kwa nini wasielewane kwa Kiswahili, na baada ya mistari mitatu wawili hao watakuwa wamekwisha kuhamia huko. Igizo linahitaji sababu ya kweli ya kutumia Kifaransa. Kananga iko Kasai, watu wake wanazungumza Kiluba cha Kasai, na wengi hawajui Kiswahili. Kinshasa nayo ingefaa, maana huko lugha ya mtaani ni Kilingala. Mwambie mwanafunzi anayecheza mnunuzi jambo moja kabla hajaanza: "Hujui Kiswahili hata neno." Sharti hilo linafanya kazi kuliko kuwakemea darasa zima kila dakika.

Mazungumzo yenyewe yakoje?

Bei zilizomo ni za darasani. Kabla ya kufundisha, pita sokoni Mwanga au Ujiji uulize bei ya siku hiyo, kisha ubadilishe tarakimu. Mwanafunzi anayejua bei ya kweli hucheka akisikia bei ya kitabuni, na akicheka ametoka kwenye igizo.

1. Mnunuzi: *Bonjour, maman.*
Habari za asubuhi, mama.
Kwa mwalimu: Kongo, *maman* na *papa* ni heshima kwa mtu mzima yeyote, kama "mama" na "baba" zetu. Ufaransa mtu usiyemjua huitwa *madame* au *monsieur*. Fundisha zote, lakini katika igizo hili acha *maman*.

2. Muuzaji: *Bonjour, papa. Soyez le bienvenu.*
Habari za asubuhi, baba. Karibu.
Kwa mwalimu: Mnunuzi akiwa msichana, *papa* inakuwa *maman*, na mwisho wa mstari unakuwa *la bienvenue*.

3. Mnunuzi: *Vous avez des ndagala séchés ?*
Una dagaa wakavu?
Kwa mwalimu: *Ndagala* ndilo jina la dagaa wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi na Kongo, hata mtu anapozungumza Kifaransa. Usitafute neno la kamusi badala yake.

4. Muuzaji: *Oui, j'en ai. Ils sont d'hier.*
Ndiyo, ninao. Ni wa jana.

5. Mnunuzi: *C'est combien, le kilo ?*
Kilo ni bei gani?

6. Muuzaji: *Vingt mille shillings.*
Shilingi elfu ishirini.
Kwa mwalimu: Simama hapa. Angalia swali la hesabu hapa chini.

7. Mnunuzi: *C'est trop cher ! Quinze mille, ça va ?*
Ghali mno! Elfu kumi na tano, sawa?

8. Muuzaji: *Non, papa. Regardez : il n'y a pas de sable.*
Hapana, baba. Tazama, hawana mchanga.
Kwa mwalimu: Ndiyo hoja ya muuzaji halisi. Dagaa wa kwenye chanja hawana mchanga, wa kuanikwa chini wanao, na bei hutofautiana kwa hilo. Mpe mwanafunzi kiganja cha dagaa ashike anaposema *regardez*.

9. Mnunuzi: *J'en prends cinq kilos. Votre dernier prix ?*
Nachukua kilo tano. Bei yako ya mwisho?

10. Muuzaji: *Dix-huit mille le kilo. Ça fait nonante mille.*
Elfu kumi na nane kwa kilo. Jumla elfu tisini.

11. Mnunuzi: *D'accord. Voici cent mille.*
Sawa. Hii hapa laki.

12. Muuzaji: *Voici votre monnaie : dix mille. Merci beaucoup.*
Chenji yako hii, elfu kumi. Asante sana.

Tafsiri iwe ya neno kwa neno au ya maana?

Ya maana, kama ilivyo hapo juu. Mstari wa Kiswahili uwe ule ambao mama wa Kibirizi angeutamka kweli. Ukiandika "Ni kiasi gani, kilo?" chini ya mstari wa 5, mwanafunzi atajifunza Kiswahili kibovu na Kifaransa hakitamwingia zaidi.

Yapo hata hivyo maeneo matatu ambapo tafsiri ya maana peke yake inaficha kitu, na hapo mwalimu aandike ubaoni mstari wa tatu wa neno kwa neno, aufute baada ya kueleza. Mstari wa 3: *vous avez* kwa neno ni "mna", ila tumeandika "una". Mstari wa 4: *j'en ai*. Na mistari yote yenye maelfu. Kwingine kote mstari wa tatu ni mzigo.

Kwa nini *vous* imetafsiriwa "una" na si "mna"?

Kwa sababu mnunuzi anazungumza na mtu mmoja, na Kiswahili humwambia mtu mmoja "una", awe mtoto au bibi. Heshima yetu tunaiweka kwenye "shikamoo", kwenye "mama" na kwenye sauti. Kifaransa kinaiweka kwenye *vous*. Ndiyo maana mwanafunzi wa Kigoma mwenye adabu zote humwambia mtu mzima *tu as* bila kujua kwamba amemkosea: kichwani mwake "una" haina ukosefu wowote.

Watauliza pia "shikamoo" ni nini kwa Kifaransa. Neno hilo halina mwenzake. Mwambie mwanafunzi kwamba *bonjour* ni salamu ya wote, na kwamba akisema *bonjour, maman* kisha akashika *vous* mpaka mwisho, shikamoo yake imefika. Akisema *bonjour, maman* halafu *tu as*, ameiondoa.

*J'en ai* ninaielezaje bila kuzama kwenye sarufi?

Kwa "ninao". Kiswahili kina kitu kilekile: mtu akiuliza "una dagaa?" hujibu "nina", unajibu "ninao", na hiyo *-o* ya mwisho inashika nafasi ya dagaa. *En* inafanya kazi hiyohiyo, ila Kifaransa kinaitanguliza kabla ya kitenzi. Waandikie:

nina-o
j'en ai

Kisha badilisha bidhaa. Mawese: ninayo. Viazi: ninavyo. Chumvi ya Uvinza: ninayo. Kwa Kifaransa zote ni *j'en ai*, haibadiliki. Wanafunzi hufurahi sana kugundua kwamba mahali hapa Kifaransa ni chepesi kuliko lugha yao. Kosa la kawaida ni kuishia kwenye *oui, j'ai*, ambalo kwa sikio la Mfaransa linaning'inia kama "ndiyo, nina..." ambayo haijaisha.

Wanafunzi wanasema *mille vingt* badala ya *vingt mille*. Wanakosea wapi?

Hili ndilo kosa kubwa la igizo zima, na linatoka moja kwa moja kwenye Kiswahili. Sisi tunasema "elfu" kwanza, idadi baadaye: elfu ishirini. Mwanafunzi anatafsiri kwa mpangilio huo, anapata *mille vingt*. Tatizo ni kwamba *mille vingt* ni hesabu halali kabisa ya Kifaransa. Ni 1,020. Mnunuzi hatajua kwamba muuzaji amekosea sarufi. Atadhani ametajiwa bei ya ajabu ya shilingi elfu moja na ishirini, na atatoa pesa haraka.

Fanya hivi. Andika tarakimu ubaoni, si maneno: 20,000. Weka kidole kwenye 20, useme *vingt*. Sogeza kidole kwenye mkato, useme *mille*. Waambie kwamba Kifaransa kinasoma tarakimu kutoka kushoto kama zilivyoandikwa, na ule mkato ndio *mille*. Rudia kwa 15,000, kwa 18,000, kwa 90,000. Baada ya hapo funika maneno yote ya Kiswahili yenye "elfu" kwenye karatasi zao, wabaki na tarakimu. Muda wote mwanafunzi anapopita kwenye neno "elfu" kichwani, kosa litarudi. Akipita kwenye tarakimu haliji.

Mstari wa 11 una mtego wa pili. Laki hawana. *Cent mille* ni "mia ya maelfu", na inasomwa vilevile: 100, mkato, *cent, mille*. Mwanafunzi atakayetafuta neno moja la "laki" atanyamaza hapo. Njia ya tarakimu inamvusha.

Na moja dogo: *mille* haiongezwi *s* hata ikiwa ni elfu tisini.

Kitabu chetu kinasema *quatre-vingt-dix*. Kwa nini hapa ni *nonante*?

Kwa sababu mnunuzi wetu ni Mkongo. Kongo na Burundi zilitawaliwa na Ubelgiji, na Kifaransa cha huko kinasema *septante* kwa 70 na *nonante* kwa 90, kama Wabelgiji. Ufaransa wanasema *soixante-dix*, yaani sitini na kumi, na *quatre-vingt-dix*, yaani ishirini mara nne na kumi. Themanini ni *quatre-vingts* kote huko. Asije mwanafunzi akajitungia neno la themanini kwa kufuata mkondo wa *nonante*.

Ushauri wetu ni huu. Katika mitihani mwanafunzi aandike umbo la kitabu cha darasa lake. Katika igizo aseme *nonante*, kwa kuwa anayemsikiliza ng'ambo ya ziwa anasema hivyo. Ila masikio yazoee yote mawili. Mwalimu ataje jumla mara kumi akichanganya maumbo, nao waandike tarakimu tu. Mfano mzuri ni kilo tano kwa elfu kumi na tano: *septante-cinq mille*, *soixante-quinze mille*, zote ni 75,000. Anayeandika 60,015 amesikia *soixante* na *quinze* kama vitu viwili, na anahitaji kurudia zoezi kabla ya kuingia kwenye igizo.

Matamshi yapi nisahihishe, yapi niyaache?

Acha *r*. Mwanafunzi wa Kigoma anatamka *r* ya ulimi, na *merci* yake itaeleweka Bujumbura, Kalemie na Paris. Dakika utakazotumia kwenye *r* ya kooni zinahitajika kwingine.

Sahihisha *j* ya *bonjour* na *j'en*. Wengi wanatamka kama ya "jambo". Waambie waseme "sss", kisha "zzz", washike koo wasikie mtetemo. Halafu waseme "shhh", na watie mtetemo uleule. Kinachotoka ndicho kinachotakiwa. Wanaojua Kirundi wanayo tayari: ndivyo Warundi wenyewe wanavyotamka katikati ya jina la Bujumbura. Mtoe mmoja wao mbele awe kielelezo.

Sahihisha pia herufi za mwisho ambazo hazitamkwi. Kiswahili kinasoma kila kilichoandikwa, na zaidi ya hapo hakipendi neno liishe kwa konsonanti, kwa hiyo *vingt* inageuka "vingiti" na *prix* inakuwa "priksi". Katika *vingt mille* herufi *g* na *t* hazisikiki kabisa, na *n* yenyewe haigusi meno. Sauti inapita puani. *Dix* inabadilika kulingana na kinachofuata: peke yake inaishia na *s*, katika *dix mille* haina kitu mwishoni, katika *dix-huit* inaishia na *z*. Na *huit* mbele ya *mille* inaacha *t*. Mstari wa 10 una mambo mawili kati ya hayo kwa mpigo, hivyo uurudie polepole mara tano au sita darasa zima kabla ya kuwaachia wawili wawili.

Kipindi cha dakika 80 nikigaweje, na darasa lina watu 48?

Dakika kumi za mwanzo soma mistari yote wewe, vitabu vimefungwa, mara mbili. Wasikilize tu na wakuambie wamesikia tarakimu zipi. Dakika ishirini zinazofuata gawa karatasi, mpite mstari kwa mstari pamoja na tafsiri, na kazi ya tarakimu ubaoni iwe humo. Dakika kumi za kuitikia pamoja. Dakika 25 za vikundi. Zinazobaki ni za vikundi vitatu au vinne kucheza mbele.

Vikundi viwe vya watatu, si wawili. Watu 48 wanakuwa vikundi 16. Wa kwanza muuzaji, wa pili mnunuzi, wa tatu hasemi kitu: anaandika kila kiasi anachosikia, kwa tarakimu. Mwishoni mwa igizo karatasi yake isomeke 20,000, 15,000, 18,000, 90,000, 100,000, 10,000. Ikisomeka 1,020 mahali popote umeona kosa bila hata kuwepo hapo, na kwa darasa la watu 48 hiyo ndiyo njia pekee ya kusikiliza vikundi vyote kwa wakati mmoja. Kisha wabadilishane nafasi, kila mtu apite kote.

Karatasi ikunjwe kwa urefu, Kifaransa kushoto, Kiswahili kulia. Duru ya kwanza iwe wazi, ya pili ikunjwe uonekane upande wa Kifaransa tu, ya tatu uonekane upande wa Kiswahili tu. Duru ya tatu ndiyo inayoonyesha nani amejua. Wengi wa walimu huishia kwenye ya kwanza, na hapo darasa limefanya mazoezi ya kusoma.

Wameshakariri. Sasa nifanyeje igizo liwe na mazungumzo ya kweli?

Ondoa karatasi, gawa kadi mbili ambazo mwenzake haoni.

Kadi ya mnunuzi: Unatoka Kananga, hujui Kiswahili. Una shilingi 100,000. Unataka kilo 5. Usipite 18,500 kwa kilo.

Kadi ya muuzaji: Anza na 20,000. Usishuke chini ya 17,500. Dagaa wako ni wa chanja.

Hapa wanaweza kukubaliana popote kati ya 17,500 na 18,500, na hakuna anayejua mwisho wa mwenzake, kwa hiyo lazima wasikilize. Chukua kikundi kilichokubaliana 18,000: jumla ni 90,000 na chenji 10,000, kama kwenye script. Kikundi kilichokubaliana 17,500 kitafika *quatre-vingt-sept mille cinq cents*, yaani 87,500, na chenji ya 12,500, *douze mille cinq cents*. Hesabu hiyo ni ngumu kwa wanaoanza, basi ruhusu waiandike kwenye karatasi kwanza ndipo waiseme.

Kwa kikundi kimoja au viwili, toa kadi zisizokutana: mnunuzi asipite 16,000. Hao watahitaji kushindwana kwa adabu, na mpe muuzaji mstari mmoja wa ziada: *Désolée, papa, je ne peux pas.* Samahani baba, siwezi. Mvulana anaandika *désolé* bila *e* ya pili. Matamshi ni yaleyale.

Angalia usiweke pengo kubwa sana kati ya mipaka. Muuzaji akiruhusiwa kushuka mpaka 10,000, atakubali ile 15,000 ya mstari wa 7 papo hapo na igizo limekwisha kwa nusu dakika.

Alama nitoeje?

Kwa kumi: tano za kiasi, tatu za kujibu bila karatasi, mbili za kushika *vous* mpaka mwisho. Kiasi kinapewa nusu ya alama kwa sababu kosa lake lina gharama. Mtu akikosea *le* na *la* ataeleweka, akikosea maelfu atauza kwa hasara. Usikate alama za matamshi kwenye igizo la kwanza.

Mimi niko Tabora, hatuna mwalo. Nibadilishe nini?

Weka asali. *Vous avez du miel ?* Una asali? *Oui, j'en ai.* Ndiyo, ninayo. Kipimo kiwe *le litre*, na hoja ya mstari wa 8 igeuke: badala ya mchanga, muuzaji aseme *il n'y a pas d'eau*, haina maji, maana mnunuzi wa asali anaogopa kuchanganyiwa. *Ils sont d'hier* iondoe kabisa, kwa kuwa asali haisifiwi kwa kuwa ya jana. Mnunuzi abaki mtu wa Kananga, ila mwambie mwanafunzi kwamba ameshuka kwenye treni ya kutoka Kigoma, na mistari mingine ibaki ilivyo.